Barua Inayomtunzia Mwanafunzi Nafasi Yake

Kati ya barua zote anazoandika mwanafunzi wa chuo kikuu, sijui nyingine inayoharibika mara nyingi kama barua ya kuomba kuahirisha masomo. Anaiandika akiwa mgonjwa au akiwa hana hata nauli, mara nyingi usiku, na pengine tayari yuko nyumbani kwao wiki ya tatu bila kumuaga mtu chuoni. Ndiyo maana inakuwa ndefu pale inapotakiwa kuwa fupi, na inanyamazia yale yale ambayo ofisi inayatafuta.

Nimemwona mtu mmoja anayeiandika barua hii vizuri kuliko wote ninaowajua. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anayeishi katika kijiji kimoja kwenye barabara inayotoka Mtwara mjini kwenda Kilambo, kule kwenye kivuko cha Ruvuma kabla mto haujamwaga maji yake baharini. Wanakijiji humwita Mwalimu tu, na vijana humwita Babu Mwalimu. Amewaandikia watu barua za mirathi, za mipaka ya mashamba na za malalamiko ya korosho. Lakini barua anazozipenda, na anazozichukulia muda mrefu zaidi, ni hizi za wanafunzi wa vyuo. Nilimsikia akimwambia mzazi mmoja kwamba barua ya shamba ikikosewa shamba bado lipo, ila hii ikikosewa mtoto anarudi nyumbani moja kwa moja.

Nataka nieleze anavyoifanya kazi hiyo kwa kufuata barua moja ya Februari 2019, ambayo mwenyewe aliniruhusu nisome nakala yake. Jina la mwanafunzi na la chuo chake, kilichopo Dar es Salaam, nayaacha.

Msimu wa korosho wa 2018 unakumbukwa na kila mtu wa Mtwara na Lindi. Wakulima walizikataa bei zilizotolewa minadani mwezi Oktoba, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki. Waliopeleka zaidi ya kilo 1,500 walipaswa kuthibitisha kwamba wana mashamba yanayoweza kutoa mzigo huo, ili kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba, wale wanaonunua korosho za wakulima kwa kificho na kwa bei ya kutupa. Baba wa mwanafunzi huyu alikuwa amepeleka kilo 1,720. Kwa bei ile ni shilingi 5,676,000, fedha nyingi kwa nyumba yoyote ya kule, lakini mwezi Februari zilikuwa bado kwenye karatasi.

Binti alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya miaka mitatu. Ada yake kwa mwaka ilikuwa shilingi 1,400,000, na mkopo wa Serikali hakupata. Nusu ya kwanza ililipwa kwa fedha za ufuta uliouzwa katikati ya 2018, na nusu ya pili ilikuwa inangoja korosho. Alifanya mitihani ya muhula wa kwanza, akapanda basi akarudi nyumbani kwa likizo fupi, na akakuta hakuna kitu. Muhula wa pili ulikuwa unaanza Machi. Akaandika barua ya kurasa mbili, akampelekea Mwalimu ili amkagulie Kiswahili.

Mwalimu hakukagua Kiswahili. Aliisoma barua yote, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe, kisha akaanza kuuliza. Nadhani ufundi wake umekaa hapa. Anauliza kwa muda mrefu kabla hajashika kalamu, na maswali yake ni yale yatakayoulizwa na watu wasiomjua binti huyu, ndani ya ofisi ambayo yeye binti hatakuwamo.

Alianza na tarehe. Muhula wa pili unaanza lini, na umeshajisajili? Binti akajibu kwamba bado. Mwalimu akamwambia, "Vizuri mjukuu wangu, basi tunakwenda na wakati." Hakumficha sababu. Vyuo vingi humhesabia mwanafunzi ada ya muhula pale anapojisajili, kwa hiyo anayejisajili kwanza na kuomba ruhusa baadaye anaweza kujikuta anadaiwa muhula ambao hakuusoma. Kuna pia ukomo wa muda. Kanuni ambazo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikizichapisha katika mwongozo wake kwa miaka mingi, na ambazo kanuni za vyuo vingine kadhaa zinafanana nazo, zinasema mwanafunzi haruhusiwi kuahirisha masomo baada ya theluthi mbili za mwaka wa masomo kupita, isipokuwa kwa sababu maalumu. Sababu zenyewe zimetajwa: afya mbaya, matatizo makubwa ya kijamii ambayo kila moja huangaliwa peke yake, na matatizo makubwa ya ufadhili. Anayeomba Machi anaomba mapema. Anayeomba Juni, akiwa amekwisha kukosa majaribio ya darasani, analazimika kwanza kueleza kwa nini alinyamaza, na huko ndiko wengi wanakopotelea, kwa sababu kwenye daftari la chuo tayari ameandikwa mtoro.

Swali la pili lilinishangaza, na ndilo lililonifanya nimheshimu mzee huyu kama fundi. Aliuliza: "Unataka kurudi lini?" Binti akajibu kama ambavyo karibu kila mtu angejibu, kwamba atarudi muhula unaofuata, yaani Oktoba au Novemba 2019. Mwalimu akamwomba orodha ya kozi zake. Binti akaifungua kwenye simu. Wakaipitia pamoja, mzee akiwa na kidole kwenye kioo, na kozi zote za muhula wa pili wa mwaka wa pili zilikuwa zinafundishwa mara moja tu kwa mwaka, kuanzia Machi. Angerudi Oktoba 2019 angekuta wenzake wanaanza mwaka wa tatu, na yeye hajasoma nusu ya mwaka wa pili. Kozi za mwaka wa tatu zinazodai kozi zile kama msingi asingeruhusiwa kuzichukua.

Kwa maneno mengine, anayeomba kupumzika muhula mmoja kwa kawaida anaomba mwaka mzima. Wanafunzi wengi hawalijui jambo hili mpaka wasimame dirishani kwa afisa taaluma, na wapo wanaopewa kibali cha muhula mmoja na kudhani kinawarudisha Oktoba. Barua ya Mwalimu haikuacha nafasi ya kosa hilo. Haikusema "muhula ujao" wala "hali itakapokuwa nzuri". Ilitaja muhula wa pili wa mwaka wa masomo 2019/2020. Mwaka huo mmoja wa nje pia uko ndani ya mipaka, maana kanuni nilizozitaja humruhusu mwanafunzi kukaa nje ya masomo kwa muda usiozidi miaka miwili ya masomo na kurudishwa pale pale alipoishia.

Kisha akauliza kama binti ameomba kulipa kwa awamu. Alikuwa ameomba. Ofisi ya uhasibu ilimwambia alete angalau nusu ya ada ya muhula, shilingi 350,000, ndipo asajiliwe, na hakuipata. Hilo halikuwa kwenye kurasa zake mbili hata kidogo. Mwalimu alitikisa kichwa, akaliandika pembeni kwenye karatasi yake. Mtu atakayesoma barua ile mezani jambo la kwanza kumjia ni awamu. Barua isipomjibu, ataandika pembeni "alipe kwa awamu" na kulifunga faili, na hatakuwa amekosea.

Sasa nirudi kwenye kurasa mbili za binti. Zilianza na masikitiko makubwa, zikaeleza alivyolia, zikaeleza umaskini wa nyumbani kwao tangu babu, zikalaumu mwenendo wa malipo ya korosho, na mwishoni kulikuwa na sentensi kwamba asipokubaliwa itabidi aache chuo. Kila neno lilikuwa la kweli. Mwalimu hakumkejeli. Alimwambia kwa upole kwamba huzuni hiyo ni yake na ina haki yake, lakini karani hana kisanduku cha kuiweka. Sentensi ya mwisho aliikata kwa mistari miwili. Mtu anayeandika kwamba huenda akaacha chuo anaiwekea ofisi kumbukumbu ya maandishi kwamba alifikiria kuacha, na karatasi hiyo inakaa kwenye faili lake miaka yote. Lawama kwa Serikali nayo ikaondoka, si kwa woga, bali kwa sababu anayesoma barua hana uwezo wa kuharakisha malipo ya korosho. Uwezo alionao ni wa kuidhinisha au kukataa ombi moja, na barua imwendee kwa jambo hilo moja.

Kilichobaki ni ushahidi, na kwenye shida ya fedha ushahidi ndiyo kazi kubwa. Mgonjwa ana karatasi ya hospitali. Aliyekosa ada ana nini? Umaskini hauna fomu. Nimewaona wanafunzi wakiambatisha barua ya mwenyekiti wa mtaa inayosema "familia hii ni duni sana", wakidhani wamemaliza. Barua ya namna hiyo haina nguvu, kwa sababu mwenyekiti anaweza kumwandikia yeyote maneno hayo, na anayepokea anajua.

Mwalimu alitafuta karatasi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya ombi hili. Ya kwanza ilikuwa stakabadhi ya chama cha msingi, iliyotolewa siku korosho zilipopimwa, yenye jina la baba, tarehe ya Novemba na kilo 1,720. Hakuna aliyeweza kudai kwamba ilitengenezwa kumsaidia binti, kwa kuwa siku ile hakuna aliyejua kwamba malipo yangechelewa. Ya pili ilikuwa taarifa ya akaunti ya baba kutoka benki, iliyoonyesha kwamba tangu Novemba hakuna malipo ya korosho yaliyoingia. Ya tatu ilikuwa taarifa ya ada ya mwanafunzi mwenyewe, inayoonyesha kwamba muhula wa kwanza umelipwa wote. Zikiwekwa karatasi hizo pamoja, zinaeleza kwamba nyumba hii hulipa ada, ina mali inayojulikana kilo zake, na inachongoja ni malipo. Ofisi ikishaona hivyo, inamwona mwanafunzi ambaye mwakani atakuwa na fedha, na kumtunzia nafasi si kupoteza kiti.

Barua ya Mtendaji wa Kijiji ilikuwamo pia, lakini Mwalimu aliipunguza. Alimwomba Mtendaji aandike tu yale anayoyajua kwa cheo chake: kwamba baba ni mkazi, kwamba ana shamba la mikorosho katika kijiji hicho, na kwamba binti ni mwanawe. Habari za ada Mtendaji hazijui, kwa hiyo asizitaje. Mhuri ukagongwa juu ya saini, tarehe ikaonekana vizuri.

Jambo lingine nisingeliwaza mimi mwenyewe. Kanuni nilizozitaja zinadai idhini ya maandishi ya mfadhili. Kwa mwanafunzi anayesomeshwa na mzazi, mfadhili ni mzazi. Mwalimu akamwandikia baba barua ya mistari mitatu, akamsomea kwa sauti, baba akaweka saini: anakubali mwanawe aahirishe muhula wa pili, na ataendelea kumlipia atakaporudi. Baba yule alikaa akiitazama saini yake kwa muda. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza chuo kumhitaji kwa kitu kisichokuwa fedha.

Barua yenyewe iliandikwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wengi huhangaika kuiandika kwa Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya mihadhara, na maana zikawaponyoka. Kama chuo kina fomu yake ya Kiingereza, iwe ya karatasi au ya mtandaoni, mwanafunzi aijaze kama inavyodai. Barua inayoambatana nayo inaweza kuwa ya Kiswahili, na kwa aliyechoka ni salama zaidi. Baada ya jina, anwani, namba ya usajili na tarehe 25 Februari 2019, ikielekezwa kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayesimamia taaluma, kupitia kwa Mkuu wa Idara, ilikwenda hivi:

"YAH: OMBI LA KUAHIRISHA MASOMO YA MUHULA WA PILI, MWAKA WA MASOMO 2018/2019

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, shahada ya kwanza ya ualimu. Nimefanya mitihani yote ya muhula wa kwanza na nimelipa ada yote ya muhula huo. Muhula wa pili sijajisajili.

Naomba kuahirisha masomo ya muhula wa pili kwa kukosa ada. Anayenisomesha ni baba yangu, mkulima wa korosho. Mwezi Novemba 2018 alipeleka kilo 1,720 za korosho ghafi katika chama cha msingi. Malipo yake yanasubiri uhakiki, na hadi tarehe ya barua hii hayajaingia. Niliomba kulipa kwa awamu. Ofisi ya uhasibu ilinielekeza nilipe kwanza shilingi 350,000, na kiasi hicho sijakipata.

Naomba nirejee muhula wa pili wa mwaka wa masomo 2019/2020, nianzie kozi nilizozikosa.

Nimeambatisha stakabadhi ya chama cha msingi, taarifa ya benki, taarifa yangu ya ada, barua ya Mtendaji wa Kijiji na idhini ya baba yangu.

Naomba kuwasilisha."

Chini ikaja saini, jina na namba ya simu ya binti, na nakala kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Nimeisoma barua hii mara nyingi. Aya ya kwanza haina ombi lolote. Inamweleza msomaji kwamba anayeandika ni mwanafunzi aliyemaliza kila alichotakiwa kumaliza, na imetangulia kwa makusudi, ili ombi lifike likiwa la mtu mwenye rekodi safi. Aya ya pili ina sababu moja tu. Binti alikuwa pia na maumivu ya tumbo yaliyomsumbua muhula mzima, na alitaka yaongezwe. Mwalimu alikataa. Ukiweka sababu mbili, ofisi itadai ushahidi wa zote mbili, na ile isiyo na karatasi itaitia shaka ile yenye karatasi. Tazama pia maneno "hadi tarehe ya barua hii". Malipo yangeingia kesho yake, barua ingebaki ya kweli.

Kwa mgonjwa, mpango ni ule ule, ila uzito unahamia kwa daktari. Barua haina haja ya kueleza maumivu, wala ya kutaja ugonjwa ikiwa mwenyewe hapendi. Taarifa ya kitabibu inaweza kwenda kwa daktari wa chuo ndani ya bahasha iliyofungwa. Kinachokosekana mara nyingi kwenye taarifa hizo ni muda. Kijana mmoja aliyevunjika mfupa wa paja kwa ajali ya bodaboda alimletea Mwalimu karatasi ya hospitali iliyoandikwa "apumzike". Mwalimu alimrudisha siku hiyo hiyo. Apumzike mpaka lini? Wiki mbili au miezi sita? Chuo hakiwezi kuidhinisha muhula kwa neno moja lisilo na tarehe. Karatasi ya pili ilisema hataweza kutembea umbali mrefu wala kukaa darasani kwa muda wa miezi minne kuanzia tarehe iliyotajwa, ikawa na jina la daktari, saini na mhuri wa hospitali. Miezi minne ni muhula, na daktari alikuwa ameshayajibu yote ambayo chuo kingeuliza. Mgonjwa anatakiwa pia, akikaribia kurudi, kupata karatasi nyingine ya kuthibitisha kwamba amepona kiasi cha kuendelea na masomo, na hiyo wengi huisahau kwa sababu siku hiyo wanajisikia wazima.

Barua ya binti ilipigwa chapa kwenye steshenari mjini Mtwara, ikatolewa kopi mbili. Mwalimu alimwagiza asiitume kwa mtu. Aipeleke mwenyewe masjala, na kopi moja igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha airudishe nyumbani. Ilipokelewa Jumatatu ya tarehe 4 Machi 2019. Nimeuona mhuri huo, wa zambarau, umekwenda upande kidogo juu ya neno "YAH". Kopi hiyo ingekuwa silaha yake pekee kama barua ingepotea kati ya masjala na idara, na barua hupotea.

Wengi hapa hujiona wamemaliza, na wanapanda basi. Mwalimu alimkataza. Kupokelewa barua si kukubaliwa, na ofisi ikikaa kimya haijatoa ruhusa. Ombi hupita kwa Mkuu wa Idara, ambaye huandika maoni yake, likaenda juu, na linaweza kungoja kikao. Binti alikaa kwa ndugu yake Dar es Salaam mpaka alipokabidhiwa jibu la maandishi, lenye kumbukumbu namba, lililotaja kwamba ameruhusiwa kuahirisha na muhula anaopaswa kurejea. Alilisoma pale pale dirishani, kama alivyoagizwa, kuhakikisha mwaka ulioandikwa ni 2019/2020. Kosa la tarakimu moja hurekebishwa kwa dakika tano siku hiyo, na kwa wiki kadhaa mwaka unaofuata.

Angekuwa na mkopo, angekuwa na kazi moja zaidi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hulipa kwa mwanafunzi anayesoma. Anayeahirisha husimamishiwa fedha, pamoja na ile ya chakula na malazi ambayo wanafunzi huiita bumu, na anaporudi ni lazima chuo kiijulishe Bodi kwamba amerejea. Mwenye mkopo apeleke nakala ya kibali kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya kuondoka, na nakala ya barua ya kurejea siku anayorudi. Akiziacha karatasi hizo, anaweza kurudi darasani huku kwenye orodha ya malipo bado hayupo. Bumu likiingia wakati yuko nje ya masomo, asilitumie. Litadaiwa.

Malipo ya korosho ya baba yaliingia katikati ya 2019. Baada ya kulipa madeni ya salfa na vibarua, ada ya muhula iliwekwa kando. Januari 2020 binti alirudi kwa Mwalimu kwa ajili ya barua ya kurejea, na safari hii aliiandika mwenyewe, mistari minne: kumbukumbu namba na tarehe ya kibali, muhula alioruhusiwa kurejea, kwamba yuko tayari kusajiliwa, na kwamba nakala ya kibali imeambatishwa. Mwalimu aliisoma akairudisha bila kuongeza kitu.

Alisajiliwa Machi 2020. Tarehe 18 mwezi huo Serikali ilifunga vyuo vyote kwa sababu ya korona, akarudi Mtwara, na vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanafunzi wa mwaka wa pili.

Nawasihi wazazi wa Mtwara, hasa wanaongoja fedha za msimu: stakabadhi ya chama cha msingi msiifungie vitumbua. Itunzeni pamoja na taarifa za ada za mtoto. Na mtoto akiwaambia mapema kwamba muhula hautawezekana, mpelekeni kwa mtu anayejua kuuliza, barua ifike masjala kabla siku ya kujisajili haijapita.